Kuvuka, kutumika, kukaa: karatasi gani Mukongomani anahitaji katika inchi za EAC

Kongo iliweka sini kwenye mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki (EAC) tarehe 8 Aprili 2022 kule Nairobi, na tarehe 11 Julai mwaka uleule ikawa mwanamemba kamili. Tangu siku hizo, kwenye bariera za Kasindi, Mahagi, Aru na Kavimvira, na kwenye bandari ya Kalemie, kunasikika neno moja: sasa tuko kitu kimoja, karte inatosha. Neno hilo liko na ukweli kidogo. Lakini mutu anayelifuata bila kuuliza anaweza kurudishwa njiani, kulipishwa faini, ao kupoteza kazi aliyokuwa amepata.

Mkataba unaotawala mambo haya unaitwa Protokole ya Soko la Pamoja. Ulianza kazi tarehe 1 Julai 2010, miaka 12 mbele ya Kongo kuingia. Ndani yake kuko haki tatu zinazomugusa raiya wa kawaida: haki ya kuvuka na kutembea, haki ya kutumika, na haki ya kukaa. Kila moja iko na karatasi yake. Mutu aliyepata ya kwanza hajapata bado ya pili, na ya tatu inakuja nyuma ya ya pili. Wengi wanaoingia katika matatizo ni wale waliochanganya hizi tatu.

Karte ya inchi: nani anavuka nayo kweli?

Protokole haikusema kwamba kila mwanainchi wa EAC atavuka na karte. Kifungu chake cha 9 kinasema kuvuka mupaka kunahitaji karatasi ya safari yenye kukubaliwa, kisha kinaongeza kwamba inchi zilizokubaliana kutumia karte za utambulisho za kisasa, zile ambazo mashini inaweza kusoma, zinaweza kufanya hivyo. Ni ruhusa kwa inchi zinazotaka, si lazima kwa zote.

Inchi tatu zilitumia ruhusa hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2014, raiya wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya inchi hizo tatu na karte ya inchi yao. Tanzania na Burundi hazikuingia katika mapatano hayo. Kwa hiyo Mukenya anayeenda Kampala anaonyesha karte, lakini Mukenya yuleyule akienda Arusha anaonyesha pasipoti ao karatasi nyingine ya safari. Hata kwa wanamemba wa zamani, basi, karte haifunguli milango yote.

Kwa Mukongomani kuko tatizo lingine, na linaanzia nyumbani. Karte ambayo watu wengi wako nayo mfukoni ni karte ya uchaguzi. Inatolewa na CENI juu ya kupiga kura, na kwa kuwa hakuna nyingine, ndani ya inchi inashika nafasi ya karte ya utambulisho kwa muda. Inatumika kwenye banki, kwenye kununua namba ya simu, kwenye bariera za barabarani. Lakini afisa wa inchi jirani haangalii tu picha na jina. Anataka karte ambayo nyuma yake kuko daftari la raiya wote, iliyotolewa baada ya leta kuhakikisha kwamba mwenyewe ni raiya. Karte ya uchaguzi haina daftari la namna hiyo. Kongo ilifanya hesabu ya watu wote mara ya mwisho katika mwaka wa 1984. Biro ya utambulisho wa wakaaji, ONIP, iliundwa mwaka wa 2011, na tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alipokea karte ya kwanza ya namna mpya. Nyuma ya siku ile, karte hizo hazikusambazwa kwa wakaaji wa mikoa.

Njo maana neno la "kuvuka na karte" linawahusu majirani zaidi kuliko Wakongomani. Kuko pia jambo ambalo wazazi wanasahau: karte ya uchaguzi ni ya watu wazima. Mutoto hana, na mbele ya afisa wa mupaka mutoto asiye na karatasi yake mwenyewe, wala ruhusa ya wazazi iliyoandikwa, ni kesi ya kusimamisha familia yote.

Karatasi zinazobaki

Ya kwanza ni pasipoti. Njo pekee inayokubaliwa katika inchi zote za jumuiya, na njo pekee inayofaa kwa mutu anayetaka kutafuta kazi ao kukaa, sababu ruhusa zingine zote zitagongwa tampo ndani yake ao zitaandikwa kwa namba yake.

Ya pili ni lesepase inayotolewa na biro ya uhamiaji, DGM. Kwa wakaaji wa Kivu kuko ile ya CEPGL, jumuiya ya zamani ambayo Kongo (wakati ule Zaïre), Rwanda na Burundi ziliunda kule Gisenyi mwaka wa 1976. Lesepase ya CEPGL inahusu inchi hizo tatu tu. Mutu akifika nayo Mpondwe ao Kigoma, haina maana kwa afisa wa Uganda ao wa Tanzania.

Ya tatu ni jetoni, kile kikaratasi ambacho wachuuzi na wabebaji wa mizigo wanachukua kwenye bariera juu ya kuingia muji wa ngambo na kurudia. Jetoni ni ruhusa ya mupakani. Inamufikisha mutu sokoni na kumurudisha siku ileile. Akipanda basi kwenda ndani ya inchi jirani na jetoni mfukoni, mbele ya sheria ya kule yeye ni mutu aliyeingia bila karatasi, hata kama asubuhi alipita mbele ya polisi wote na kuwasalimia.

Pamoja na karatasi ya safari kuko kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo moja inatosha maisha yote, tangu sheria za afya za dunia zilivyobadilishwa mwaka wa 2016. Lakini inaanza kuhesabiwa siku 10 nyuma ya kupigwa sindano. Mutu aliyechanjwa jana, hata kama kitabu chake ni cha kweli, anaweza kusimamishwa.

Upande wa viza, Kenya iliondolea Wakongomani viza tangu tarehe 1 Septemba 2023. Kuondoa viza maana yake hakuna kulipa wala kuomba ruhusa mbele ya safari. Si kuondoa pasipoti, na si kutoa ruhusa ya kazi.

Mfano: muuguzi wa Butembo anayeitwa kazini Kasese

Ili kuona namna haki hizi tatu zinavyofuatana, chukua mfano wa muuguzi, ile watu wanaita infirmye, wa Butembo. Hospitali moja ya binafsi kule Kasese, Uganda, inamutaka kwa miaka miwili. Anasikia kinande, na kule Kasese watu wanasema lukonzo, luga ambayo ni ndugu ya ile yake. Jamaa zake wako pande zote mbili za mutoni Lubiriha. Anaweza kuvuka na jetoni siku ya soko, na hakuna mutu sokoni angejua kama ni mugeni. Hapo njo hatari inaanza: kwa sababu kuvuka ni rahisi, anafikiri karatasi ni za bure tu.

*Kwenye dirisha.* Anafika Kasindi na pasipoti, DGM wanamugongea tampo ya kutoka. Anavuka daraja, kule Mpondwe afisa wa Uganda anamuuliza anakuja kufanya nini. Protokole inasema raiya wa inchi mwanamemba anayeonyesha karatasi nzuri na kujibu maulizo anapewa ruhusa ya kuingia, bila malipo, inayoweza kufika miezi sita. Neno la kushika hapa ni "inayoweza kufika". Afisa anaandika muda kufuatana na jibu alilopewa. Mutu akisema "nakuja kusalimia shangazi", anaweza kuandikiwa siku 30 ao pungufu, na hakuna kosa kwa upande wa afisa. Mutu akisema kweli, kwamba anakuja kufuata kazi na kuonyesha barua ya hospitali, iko na sababu ya kuomba muda mrefu.

Kwa hiyo, mbele ya kutoka dirishani, muuguzi anafungua pasipoti na kusoma tampo: tarehe ya kuingia, na siku ao miezi iliyoandikwa kwa mkono ao na mashini. Kama muda ni mufupi, njo pale pale pa kuuliza. Akisha kufika Kasese, kubadilisha kunahitaji safari ingine hadi biro ya uhamiaji. Na kama hakuna tampo yoyote, asifurahi kwamba amepita bure. Hana kitu cha kuonyesha kwamba aliingia kwa njia ya sheria.

*Hesabu ya siku.* Sasa anaweka sini kwenye kontra siku ya Jumatatu. Kontra ni ya miaka miwili, na Protokole inasema mutumishi mwenye kontra inayopita siku 90 anapashwa kuomba ruhusa ya kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kontra ilipofungwa. Siku za kazi hazihesabu Jumamosi na Siku ya Mungu, kwa hiyo muda wake unaisha Jumatatu ya tatu inayofuata. Kutoka siku anapoomba, wakubwa wa inchi ile wako na siku 30 za kutoa jibu. Ruhusa ya kwanza inaweza kufika miaka miwili, na inaweza kufanywa upya.

Hesabu hizo mbili zikiunganishwa zinafika wiki saba na zaidi. Hapa njo inaonekana kwa nini tampo ya dirishani ni ya maana: mutu aliyeandikiwa siku 30 atakuwa amepitisha muda mbele hata jibu halijatoka. Atakuwa na kontra nzuri mkononi, na wakati huohuo atakuwa mukosefu. Aliyeandikiwa miezi sita anangojea kwa utulivu.

Kama kontra ingekuwa ya siku 90 ao chini, tuseme kusaidia kampeni ya chanjo, asingehitaji ruhusa hiyo ndefu. Kwa kazi fupi kuko ruhusa ya pekee, nayo inaombwa mbele ya kuanza, si nyuma.

Kosa ambalo liko karibu kabisa ni kuanza kazi wakati dosye ingali bironi. Mwenye hospitali anasema: anza tu, karatasi itakuja. Lakini tampo ya kuingia inamupa mutu haki ya kukaa na kutafuta, si kupokea mushahara. Ukaguzi ukifika, mugeni njo wa kwanza kuondoka, na mushahara wa miezi aliyotumika unabaki nyuma. Muuguzi anapashwa kuomba mwenye kazi nakala ya barua ya maombi yenye tampo ya kupokelewa. Mwenye kazi asiyeweza kuonyesha barua hiyo, mara nyingi hajaipeleka.

*Diplomi.* Hapa njo wengi wanakwama, na hakuna bariera inayowaonya. Protokole inaahidi kwamba inchi zitatambuliana diplomi, lakini kwa kazi zenye chama chake haitoshi kuonyesha diplomi. Wahasibu, wasanifu wa majengo, wahandisi na waganga wa nyama wako na mapatano yao ya kutambuliana, yaliyowekwa sini na inchi za zamani mbele ya Kongo kuingia. Kwa muuguzi, anayeamua kule Uganda ni Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Baraza hilo linataka kujua diplomi ya Kongo inalingana na ngazi gani ya kwao. Muuguzi wa A2 alisoma kwenye masomo ya sekondari, wa A1 alisoma nyuma ya diplomi ya leta. Hizi ni ngazi mbili tofauti, na hospitali ikiandika kontra ya A1 kwa mutu wa A2, dosye inarudishwa. Anahitaji diplomi ya asili, karatasi ya alama za kila mwaka, na karatasi ya chama cha wauguzi cha Kongo inayoonyesha kwamba anaruhusiwa kutumika kwao. Vyote viko katika kifaransa, na biro za Uganda zinatumika kwa kiingereza, kwa hiyo vinapashwa kutafsiriwa na mutafsiri anayekubaliwa. Kazi hii inaweza kuomba miezi, wakati siku 15 za kontra hazingojei. Mufuatano muzuri ni diplomi kwanza, kontra nyuma.

Kuko pia kikomo kingine. Kila inchi iliandika orodha ya kazi ilizofungulia raiya wa inchi zingine. Orodha ya Tanzania ilikuwa fupi kuliko zile za Rwanda na Kenya. Na kazi za leta zenyewe ziko inje ya Protokole, isipokuwa sheria ya inchi ikiruhusu. Muuguzi wa mfano huu anaenda hospitali ya binafsi. Angetaka hospitali ya serkali, Protokole isingemusaidia.

*Familia.* Ruhusa ya kazi ikitoka, haki ya tatu inafunguka: mutumishi anaweza kukaa kwa muda wa ruhusa hiyo, pamoja na muke ao mume na watoto. Lakini kila mumoja anaombewa karatasi yake kwa kuonyesha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Kwa familia nyingi za mashariki, ambazo ndoa ni ya kimila na watoto hawakuandikishwa komine, kazi kubwa iko Butembo, si Kasese. Haki hiyo ya kukaa imefungwa kwa kazi. Kazi ikiisha, muda unaanza kuhesabiwa tena. Na kukaa kwa daima hakumo katika Protokole: kila inchi inafuata sheria yake.

Anayeenda upande wa Tanzania, kwa mfano kutoka Kalemie hadi Kigoma, ajue kwamba kule karatasi ni mbili kutoka milango miwili: ruhusa ya kazi kwa wakubwa wa kazi, na ruhusa ya kukaa kwa uhamiaji. Moja bila ingine ni kosa.

Anayejifungulia kazi yake

Fundi wa nguo, musuka nywele, fundi wa pikipiki ao muchuuzi hana kontra ya mutu. Protokole inamupa haki ya kujianzishia kazi, na ruhusa ya kuingia inayoweza kufika miezi sita ni ya kumusaidia kutimiza karatasi: kuandikisha biashara, kupata namba ya kodi, kuomba ruhusa ya kutumika kwa jina lake mwenyewe. Kufungua duka kwa jina la jamaa mwenye karte ya kule kunaonekana kuwa njia fupi, lakini siku ya ugomvi duka ni la yule aliyeandikwa. Hakuna tribinali itakayosikiliza mapatano ya midomoni.

Ada za ruhusa ya kazi ni jambo la kila inchi. Kenya, Uganda na Rwanda zilifutiana ada hizo wao kwa wao. Mukongomani asihesabu kwamba naye amefutiwa mpaka biro yenyewe imemuambia beyi na kumupa risiti.

Kukimbia vita si kusafiri

Protokole inasema wazi kwamba mambo ya wakimbizi yanafuata mikataba ya dunia, si sheria za soko la pamoja. Mutu anayekimbia risasi haulizwi pasipoti ili akubaliwe kuomba kimbilio, na hapashwe kungoja miezi sita ya tampo. Uganda iko na sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 2006 inayowapa haki ya kutembea na ya kutumika. Njo maana Wakongomani wa Nakivale, Kyangwali ao Rwamwanja wanaweza kutafuta kazi bila kupitia njia ya muuguzi wa mfano wetu.

Njia hizi mbili hazichanganywi bila bei. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mutu anayejiweka tena kwa kupenda chini ya ulinzi wa inchi yake anaweza kupoteza hadhi ya mukimbizi. Kuchukua pasipoti mpya ya Kongo na kusafiri nayo kunaweza kuhesabiwa hivyo. Mukimbizi anayepata kontra ya kazi Nairobi, kwa mfano, aulize kwanza biro ya wakimbizi kuhusu karatasi ya safari ya wakimbizi, mbele ya kukimbilia pasipoti.

Mutu akikataliwa

Inchi iko na haki ya kukataza mutu kwa sababu ya usalama, ya utulivu wa watu ao ya afya. Inaweza hata kufunga mupaka wote: Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda katika Januari 2024, na zote mbili ni wanamemba. Vilevile, tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23 katika Januari na Februari 2025, anayetoka sehemu hizo anapashwa kuuliza kwanza bariera gani iko wazi na karatasi za biro gani zinakubaliwa ngambo.

Lakini kukataza mutu mumoja bila sababu ni kitu kingine, na kuko kesi iliyoonyesha. Tarehe 13 Aprili 2011, Samuel Mukira Mohochi, avoka wa Kenya, alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe pamoja na wenzake. Wenzake waliingia. Yeye alizuiliwa, kisha akarudishwa Nairobi siku ileile bila kuambiwa kosa lake. Alipeleka Uganda mbele ya Tribinali ya Haki ya Afrika ya Mashariki kule Arusha. Mnamo Mei 2013 tribinali ilisema Uganda ilivunja mkataba wa jumuiya na Protokole: nguvu ya inchi ya kukataza raiya wa inchi mwanamemba iko na mipaka, na mutu anapashwa kuelezwa sababu.

Kwa Mukongomani wa kawaida, funzo la kesi ile ni la matendo. Akikataliwa mupakani ao akinyimwa ruhusa ya kazi, aombe sababu kwa maandishi. Kama hawaandiki, yeye mwenyewe aandike siku ileile tarehe, saa, jina la posta na maneno aliyoambiwa, na ashike tikiti na barua zake. Raiya yeyote anaweza kufikia tribinali ya Arusha, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu tendo lilipofanyika ao tangu alipolijua. Ikipita, mulango umefungwa hata kama haki iko upande wake.

Karte ya kununua, na inchi ya kupoteza

Mbele ya mambo haya yote, kuko njia ambayo watu wanaonyeshwa kwa siri: kutafuta karte ya inchi jirani. Mutu anayesema luga ya ngambo anajiandikisha kama muzaliwa wa kule, na kuanzia hapo anavuka, anatumika na kununua bila kuulizwa.

Ubaya wa kwanza unajulikana: ni udanganyifu, na ukigunduliwa mutu anapoteza karte, kazi, na pengine uhuru wake. Ubaya wa pili hauzungumzwi sana. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema uraiya wa Kongo ni mumoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Mutu anayekuwa raiya wa inchi ingine, hata kwa njia safi, anaweka uraiya wake wa Kongo hatarini. Na nyumbani, siku ya ugomvi wa shamba, wa urisi ao wa kugombea kiti, karte ile ya ngambo njo itatolewa mbele ya watu kama ushahidi.

Udongo wenyewe unafuata mantiki hiyohiyo. Protokole iliacha mambo ya udongo kwa sheria ya kila inchi. Kule Uganda na Kenya mugeni hawezi kuwa mwenye udongo kwa daima. Anaweza tu kuukodi kwa muda, na sheria inaweka mwisho wa miaka 99. Kule Tanzania mugeni anapata udongo juu ya uwekezaji tu. Muuguzi wa Butembo, akiishi Kasese miaka kumi kwa ruhusa zinazofanywa upya, anaweza kukodi nyumba, kusomesha watoto na kuweka pesa banki. Lakini akiambiwa kuna kiwanja cha kununua moja kwa moja, bila kontra ya kukodi na bila kuonyesha pasipoti, ajue kwamba mwenye kuuza anamuuzia karatasi ambayo sheria ya kule haitaitambua.